Panya amefia chunguni: twahara na misamaha yake

Panya akifia ndani ya chungu cha udongo, chungu hicho kifanywe nini? Ni swali la jikoni, lakini ukitaka kujua kama mtu anayefundisha somo la twahara katika dini mbalimbali analielewa somo lake, mwulize hilo kwanza. Wengi huanza na nguruwe, na nguruwe hawafikishi mbali. Myahudi hali, Mwislamu hali, Msabato hali, basi darasa linafungwa kwa kusema kwamba dini zote zinapenda usafi. Panya anatusaidia zaidi kwa sababu kuhusu yeye hakuna anayeuliza kama analiwa. Kinachoulizwa ni alichokigusa: chombo, maji, mbegu, samli. Na hapo ndipo sheria za najisi zinapofanya kazi yake hasa.

Tuanze na sura ya 11 ya Mambo ya Walawi, ambayo wasomaji wengi huiacha baada ya orodha ya wanyama. Kuanzia aya ya 29 wanatajwa viumbe vinane vitambaavyo, panya akiwamo pamoja na mijusi kadhaa. Mmojawapo akifa na kuangukia kitu cha mti, nguo, ngozi au gunia, kitu hicho hutiwa majini na kuhesabiwa najisi hata jioni, kisha kinakuwa safi. Akiangukia ndani ya chombo cha udongo, chombo kivunjwe. Jiko la udongo nalo livunjwe. Chakula kilichotiwa maji kikiwa katika chombo hicho kimenajisika, na kinywaji vilevile.

Halafu kinakuja kipande ambacho ningependa kila mwalimu akisome darasani kwa sauti. Chemchemi au birika la kukusanyia maji halinajisiki hata mzoga ukianguka ndani yake, ingawa anayeugusa mzoga mwenyewe hunajisika. Mbegu kavu za kupanda zikiangukiwa na mzoga, ni safi. Mbegu hizohizo zikiwa zimetiwa maji, ni najisi.

Sasa jaribu kueleza hayo kwa hoja ya vijidudu, ile inayopendwa sana siku hizi kwenye mihadhara: kwamba Mungu aliwakinga watu na maradhi kabla ya kuwapo darubini. Kwa chungu hoja hiyo inakwenda vizuri, maana udongo uliochomwa una vinyweleo na hufyonza. Kwa mbegu inaanza kuchechemea. Kwa birika inaanguka kabisa. Kama shabaha ingekuwa kipindupindu au homa ya matumbo, birika la maji ya kunywa lenye panya aliyeoza ndilo lingekuwa la kwanza kupigwa marufuku. Sheria inaliacha birika salama na kuamuru chungu kivunjwe.

Musa bin Maimun, aliyefariki mwaka 1204, alikuwa tabibu huko Misri na mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi. Yeye mwenyewe aliwahi kutoa sababu za kiafya kuhusu baadhi ya vyakula vilivyokatazwa, kwa hiyo huwezi kusema alizidharau. Lakini alipofika kwenye sheria za kujitosa majini kwa ajili ya twahara, alisema wazi kwamba najisi si tope wala taka ya kuondolewa na maji. Ni amri ya maandiko, akasema, na jambo lenyewe linategemea nia ya moyo. Nadhani daktari anapokwambia kwamba jambo fulani si la kidaktari, inafaa umsikilize. Minyoo ya trikinela, inayotajwa kila mara nguruwe anapozungumziwa, iligunduliwa mwaka 1835, na dawa yake ni kupika nyama ikaiva. Maandiko yangetaka kutukinga nayo yangetuambia tuchemshe. Yanachotaja ni kwato zilizopasuka na kucheua.

Kama si afya, ni nini? Mwanaanthropolojia Mary Douglas, aliyeishi na Walele wa Kasai huko Kongo kuanzia mwaka 1949, alitoa mwaka 1966 jibu lililotawala vyuoni kwa miongo mingi: kilicho najisi ni kile kisichokaa mahali pake katika mpango wa ulimwengu ambao jamii imejichorea. Samaki ana mapezi na magamba. Asiye navyo anavuruga mpango. Ni jibu zuri, lakini Douglas mwenyewe alilirekebisha baadaye, akakiri kwamba alikuwa amewasoma wanyama wa Walawi kwa haraka. Kwa mawazo yangu, tatizo la maelezo ya namna hii ni kwamba yanaangalia makatazo peke yake. Makatazo yana sauti kubwa. Ninachopendekeza ni kuangalia misamaha: sheria inasimama wapi? Ni kitu gani kinaachwa safi ilhali mantiki ya sheria yenyewe ingetaka kinajisike?

Irudie orodha ya Walawi ukiwa na swali hilo. Birika limesamehewa. Katika nchi ya mawe ambako mvua hunyesha miezi michache, watu walichimba mabirika kwenye mwamba na kuishi kwa maji hayo hadi mvua nyingine. Kulitangaza birika kuwa najisi kila panya anapodondoka ni kuufunga mji. Mbegu kavu zimesamehewa. Ghala la nafaka halikosi panya, na bila mbegu hakuna mwaka ujao. Chungu hakikusamehewa, maana chungu ni rahisi na mfinyanzi yupo. Kitambaa na ngozi ni vya gharama, kwa hiyo vimepewa njia ya kutoka: maji na jioni. Sheria inabana pale ambapo maisha yanaweza kuvumilia na kulegea pale yasipoweza.

Marabi walioiandika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu na mwaka 200, waliiendeleza kanuni hiyo kwa umakini wa kushangaza. Chombo cha udongo hunajisika kupitia nafasi yake ya ndani: kitu najisi kikining'inia ndani bila kugusa ukuta, chombo kimenajisika, lakini kikikigusa kwa nje hakina neno. Chombo cha jiwe hakipokei najisi hata kidogo. Hili halikubaki darasani. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua karakana za vyombo vya chokaa huko Hizma karibu na Yerusalemu na karibu na Reina kule Galilaya, za karne ya kwanza. Kwa hiyo mitungi sita ya mawe katika harusi ya Kana, ambayo Injili ya Yohana inasema ilikuwa ya desturi ya Wayahudi ya kutawadha, haikuwa pambo la hadithi. Mwenye nyumba alikuwa amenunua chombo ambacho panya hawezi kumtia hasara.

Nenda sasa Madina ya karne ya saba. Panya yuleyule ameangukia samli. Mtume Muhammad aliulizwa, na jibu lililopokewa katika Sahihi Bukhari ni kwamba mtupe panya na samli iliyomzunguka, kisha mle samli yenu. Wanachuoni wengi walitofautisha baada ya hapo: samli iliyoganda huchotwa pembeni mwa panya na iliyobaki ni halali; iliyoyeyuka, kwa wengi wao, imenajisika yote. Tazama jinsi kigawanyo kile cha mbegu kavu na mbegu zilizotiwa maji kilivyorudi kwa sura nyingine. Umajimaji ndio unaosafirisha najisi.

Kuhusu maji yenyewe, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayosomeshwa katika madrasa nyingi za pwani yetu, yana mpaka wa kipimo. Maji yanayofikia kulla mbili, ambazo hukadiriwa kuwa karibu lita 200, hayanajisiki kwa kuangukiwa na najisi mpaka rangi, ladha au harufu yake ibadilike. Yakipungua hapo hunajisika kwa kuguswa tu, hata kama hujaona mabadiliko yoyote. Kwa mtu wa kwetu ni rahisi kukumbuka: pipa la mafuta la lita 200 likijaa, umefika mpakani. Wamaliki, wa madhehebu mengine ya Kiislamu, hawakukubali kipimo hiki. Kwao kinachoangaliwa ni kubadilika kwa sifa za maji, yawe mengi au kidogo. Wayahudi nao wana kipimo chao, sea 40, zaidi ya lita 300 kwa makadirio yaliyozoeleka, lakini hicho ni kipimo cha maji ya kujitosa ili kutoharika, na lazima yawe ya mvua au chemchemi, si ya kuchotwa kwa ndoo. Wanafunzi hupenda kuviweka vipimo hivi viwili sambamba kana kwamba ni kitu kimoja. Kimoja kinajibu maji yanaharibika lini, kingine kinajibu maji yanasafisha lini.

Na chungu? Hapa kuna tukio ambalo halitajwi mara nyingi katika somo hili, nami sijui kisa kingine kinachofaa zaidi. Ni katika vita vya Khaibar, kaskazini mwa Madina, mwaka wa saba wa Hijra, yaani 628. Waislamu walikuwa na njaa, wakawasha mioto na kupika nyama ya punda wa kufugwa. Mtume aliuliza mioto hiyo ni ya nini, na alipoambiwa akaamuru nyama imwagwe na vyungu vivunjwe. Mtu mmoja akauliza: au tuimwage na tuvioshe? Akajibiwa: au hivyo. Katika mazungumzo hayo mafupi umepita njia nzima kutoka Walawi mpaka fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Amri ya kwanza ni ileile ya kuvunja. Kinachoifuata ni msamaha, na umeombwa na askari mwenye njaa aliye mbali na nyumbani, ambaye bila chungu hana cha kupikia kesho. Baadaye Abu Thaalaba al-Khushani aliuliza kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu wanaopikia nguruwe, na jibu likawa: mkipata vingine msitumie hivyo, msipopata, vioshwe na mle.

Msamaha ulio wazi kuliko yote ni wa paka. Mbwa akilamba chombo, Washafi wanasema kioshwe mara saba, moja kwa udongo, na wanaihesabu najisi hiyo kuwa nzito. Paka anayekula panya yuleyule aliyetuanzishia habari hii alipokunywa maji ya udhu ya Abu Qatada, mzee huyo alimwinamishia chombo anywe vizuri. Mkwe wake Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi; ni katika wale wanaowazungukiazungukia. Sababu imetajwa waziwazi na haina habari ya mate wala meno. Paka yumo nyumbani, huwezi kumzuia, kwa hiyo sheria imemwachia njia. Wanachuoni wa Kishafi walikwenda mbele zaidi: hata ukimwona paka amekula panya, akatoweka kwa muda ambao angeweza kuwa amekunywa maji mengi mahali fulani, kisha akarudi na kuingiza mdomo katika maji yako machache, hayanajisiki. Unaweza kutabasamu, lakini huo ni uamuzi wa watu walioishi na paka.

Mbwa naye anatupa somo la pembeni. Wamaliki wanaosha chombo alicholamba mara saba kama Washafi, ila wanasema mbwa si najisi; wanaosha kwa sababu wameamrishwa, ni ibada. Wanaoosha wanafanana, sheria iliyo nyuma yao haifanani. Mwalimu anayelinganisha dini kwa kuangalia matendo peke yake hatauona mgawanyiko huu ulio ndani ya dini moja.

Mpaka hapa tumezungumza vitu. Ugumu unaanza najisi inapomfikia mtu, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapochanganya mambo matatu: kisicholiwa, kinachonajisi kwa kugusa, na hali ya mtu inayomzuia kufanya ibada. Myahudi hali ngamia, lakini kumpanda si tatizo. Mzoga wake ndio unaonajisi. Msabato wa Upare, ambako kanisa lake lilifika mwaka 1903, au wa Gendia nchini Kenya, lilikofika 1906, huepuka nguruwe na kambare kwa sababu ya sura ileile ya Walawi. Lakini panya akifia chunguni mwake hangoji jioni wala havunji chungu kwa amri ya aya ya 33. Amechukua orodha ya vyakula akaacha sheria ya mguso. Sisemi hivyo kumlaumu. Ni uchaguzi wenye hoja zake za kiteolojia, ila usipoutambua utadhani anafuata sheria ileile anayoifuata Myahudi.

Hali ya mtu ndiyo inayotofautisha zaidi. Katika Walawi 15, mwanamke aliye katika hedhi ni najisi siku saba, na hali hiyo inaambukiza: kitanda alicholalia, kiti alichokalia, na anayevigusa huoga na kungoja jioni. Uislamu nao unamzuia kusali na kufunga, tena anatakiwa josho anapomaliza. Lakini mwili wake si najisi. Katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha anasimulia kwamba akiwa katika hedhi alikunywa, kisha Mtume akakichukua chombo na kuweka mdomo palepale alipouweka yeye. Abu Huraira, aliyejitenga kwa kuwa alikuwa na janaba, aliambiwa kwamba muumini hanajisiki. Hadathi, yaani hali hiyo ya kukosa twahara, inamkalia mtu mwenyewe, na chombo chake kinabaki kama kilivyokuwa. Nimesikia nyumba za Kiislamu ambako mwanamke aliye katika hedhi anaambiwa asiguse kachumbari au asikande unga. Hiyo ni desturi ya nyumba, na hadithi ya Bibi Aisha inaipinga moja kwa moja.

Licha ya tofauti hizo, kuna jambo moja ambalo Walawi na fikihi wanakubaliana: hali hii ina mwisho, na kila mtu huipitia. Kuhani hunajisika, mfalme hunajisika, mama mkwe hunajisika. Kuna maji, kuna jioni, kuna josho, na umerudi.

Ndiyo maana nataka sasa kukipeleka chungu India, ambako sheria za vyombo zinafanana na hizi kwa kiasi cha kushtua. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, katika sura ya tano, zinasema vyombo vya madini husafishwa kwa majivu, vitu vya uchachu na maji, na chombo cha udongo husafishwa kwa kuchomwa tena tanuruni. Kikiingiwa na pombe, mkojo au damu, hata moto haukifai. Udongo unafyonza, chuma kinaoshwa. Upishi nao una mpaka wa majimaji tuliokwisha kuuona. Wali uliochemshwa kwa maji hupokea najisi upesi, kwa hiyo mtu wa tabaka la juu hakuupokea kutoka mkono wa chini. Chakula kilichokaangwa kwa samli kina ngao, na kingeweza kupokewa kutoka kwa watu wengi zaidi. Msafiri na mwenye karamu wamepata nafuu. Tena msamaha umekaa pale ambapo maisha yanahitaji.

Lakini chombo kilipogeuka kuwa mtu, mlango wa kutokea ulifungwa. Katika mji wa Mahad, kwenye jimbo la Bombay la wakati huo, kulikuwa na bwawa la umma liitwalo Chavdar. Halmashauri ya mji ilikuwa imelifungua kwa watu wote, ila Wadaliti, walioitwa wasioguswa, hawakuthubutu kulitumia. Ng'ombe walikunywa humo. Waislamu na Wakristo walichota. Tarehe 20 Machi 1927, Bhimrao Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii hiyo ya Wadaliti, aliongoza umati hadi bwawani, akachota maji kwa kiganja na kunywa. Walishambuliwa siku hiyohiyo. Kisha wenye matabaka ya juu walilitakasa bwawa kwa kulitilia vyungu 108 vya mchanganyiko wa kinyesi na mkojo wa ng'ombe, maziwa na mtindi.

Pima tukio hilo kwa kanuni tulizokwisha kuzisoma. Bwawa ni maji mengi kupita kulla mbili na kupita birika lolote la Walawi. Wanyama hawakulinajisi. Panya waliokufa humo kwa miaka yote hawakulinajisi. Kiganja cha binadamu aliyekuwa safi kiasi cha kuvaa suti kikalinajisi. Kwa hiyo wingi wa maji, ambao kwa kila mnyama ulikuwa msamaha, kwa mtu huyu haukuwa na nguvu. Najisi hiyo haikutokana na alichokula asubuhi wala mzoga alioushika. Alizaliwa nayo, na hakuna jioni iliyowekwa ya kuimaliza. Ambedkar alilielewa hilo vizuri: tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, palepale Mahad, wafuasi wake walizichoma hadharani Sheria za Manu. Mahakama Kuu ya Bombay iliwapa Wadaliti haki ya bwawa mwaka 1937, na Katiba ya India iliyoanza kutumika 1950 ikapiga marufuku kutoguswa katika ibara ya 17.

Utaniambia najisi hiyo basi haina msamaha wowote. Unao, na ndio unaonifanya niseme misamaha ifundishwe kabla ya makatazo. Katika sura ileile ya tano, Manu anasema mkono wa fundi ni safi daima, na bidhaa iliyoanikwa sokoni ni safi. Fundi wa tabaka la chini anaweza kuifinyanga, kuisuka, kuichonga. Ukishainunua haina neno. Aliyesamehewa hapo ni mnunuzi. Fundi mwenyewe, akishamaliza kazi, anarudi kuwa alivyokuwa.

Hatuhitaji kwenda Bombay kuuona msamaha wa aina hii. Watwa wa Rwanda na Burundi walikuwa wafinyanzi. Nyumba nyingi, za Wahutu kwa Watutsi, zilipika na kuhifadhi maji na pombe katika vyungu vilivyotoka mikononi mwao. Watu haohao walikataa kula na Mtwa au kunywa naye chombo kimoja, na pombe ya ndizi, inayonywewa kwa mrija unaozungushwa, haikumzungukia yeye. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa ya chakula: Watwa walikula nyama ya kondoo, ambayo majirani zao wengi walijiepusha nayo. Kama ingekuwa kweli ni kondoo, Mtwa aliyeacha kondoo angepokewa kwenye mrija baada ya muda fulani, kama mtu wa Walawi anavyopokewa jioni. Mtoto wa Kitwa ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo naye alitengwa. Lililoanza kama sheria ya kinachoingia mdomoni limegeuka kuwa sheria ya mguso, kisha likawa ukoo. Chungu peke yake ndicho kilichovuka mpaka huo, kwa kuwa mnunuzi alikihitaji.

Wafinyanzi hao baadaye walibanwa kutoka pande mbili. Mabonde waliyochimba udongo yaligeuzwa mashamba ya mpunga, na sokoni zikaingia ndoo za plastiki na masufuria ya bei nafuu. Kwa Mtwa hilo halikuwa pigo la kipato peke yake. Biashara ya vyungu ndiyo iliyokuwa sababu ya jirani kumhitaji na kumfikia mlangoni. Ilipopungua, mwiko wa kunywa naye haukupungua nayo.